Kopo la mala linalovuja

"Nimeprinti kwa printa ya 3D kopo la plastiki ya PETG la kuwekea mala, linatoa jasho chini. Nipake nini?"

Usipake kitu kwanza, ndugu yangu. Maji yanapenya pale tabaka hazikushikana vizuri. Kopo langu la kwanza hapa Kisumu lilikuwa na kuta mbili tu. Nililijaza maji yenye rangi ya chakula, nikaliweka juu ya gazeti usiku kucha, na asubuhi doa jekundu lilikuwa chini ya mshono. Kwenye mipangilio ya kuprinti nikaweka idadi ya kuta, `Wall Line Count`, kuwa 4, nikapandisha joto la nozeli kutoka nyuzi 230 hadi 245, nikapunguza feni na mwendo. Gazeti likabaki kavu.

Aliyekujibu upake epoksi ndani yuko sahihi nusu. Inaziba, ila isipokauka kabisa au ikichunika, chakula kinaibeba.

Kwa mala, hata kopo lisilovuja silipendekezi. Pitisha ukucha ndani, utahisi mifereji. Mafuta ya maziwa hukaa humo, sponji haifiki, na maji ya kuchemka yatalipinda kwa sababu PETG hulegea karibu na nyuzi 80. Maandishi ya "salama kwa chakula" kwenye rola ya plastiki ya kuprintia yanahusu plastiki yenyewe, si mifereji hiyo wala nozeli ambamo plastiki ilipita. Langu nimelifanya ganda la nje, mala inakaa kwenye chupa ya kioo ndani yake. Kama epoksi ya chakula inatosha kwa maziwa ya kila siku, bado sijaridhika.