Gurudumu la cherehani, gurudumu la treni: shoti mbili kwa mikato mitatu

Katika filamu fupi niliyoihariri, mama anashona usiku chumbani mwake, na miaka 10 baadaye binti yake anasafiri kwa treni. Nilikuwa na shoti mbili za magurudumu yanayozunguka, la cherehani na la treni, nami niliziunganisha kwa njia tatu kabla ya kuridhika.

Kwanza nilizipishanisha: mama, binti, mama, binti, kila kipande kikiwa kifupi kuliko kilichotangulia. Waliotazama waliniuliza kama binti angemkuta mama yake bado yu macho, ilhali katika hadithi mama alikwisha kufariki. Mpishano humfanya mtazamaji aamini kwamba matukio mawili yanatokea wakati mmoja na kwamba yatakutana, na hata maandishi ya "miaka 10 baadaye" hayakuifuta imani hiyo. Usiyapishanishe matukio yasiyokutana, isipokuwa umekusudia kumhadaa mtazamaji.

Kisha nikajaribu montaji, yaani mfululizo wa picha fupi fupi zinazofupisha muda: sindano, noti zikihesabiwa, sare ya shule, tiketi. Mwongozaji wa filamu wa Kisovieti, Sergei Eisenstein, alishikilia kwamba picha mbili zikigongana huzaa wazo la tatu, lakini zangu hazikugongana, zilieleza tu. Miaka ilipita vizuri, ila mtazamaji hakuachiwa chochote cha kuwaza.

Ikabaki njia ya mkato wa ulinganifu, yaani kutoka gurudumu moja kwenda jingine mara moja tu. Jaribio la kwanza lilionekana kama kosa. Jicho hubaki pale lilipokuwa kabla ya mkato; gurudumu la cherehani lilikuwa katikati ya skrini, na la treni lilikuwa dogo, pembeni, tena likizunguka kinyume. Niliilaza shoti ya pili juu ya ya kwanza kwa uwazi wa asilimia 50, nikaikuza na kuisogeza mpaka duara zikalingana, halafu nikaigeuza kama taswira ya kwenye kioo ili mzunguko uwe wa upande mmoja. (Ya cherehani isingegeuzika, kwani maandishi ya ubavuni yangesomeka kinyume.) Shoti ya treni ilikuwa imerekodiwa kwa upana wa pikseli 3840 na filamu ni ya upana wa pikseli 1920, kwa hiyo ningeweza kuikuza hadi mara mbili bila picha kupoteza ukali. Nilikata mzunguko ukiwa umeshika kasi, si gurudumu likiwa limesimama, na mlio wa cherehani nikauacha uendelee kwa fremu 12, sawa na nusu sekunde, juu ya picha ya treni.

Mara hii hakuna aliyeuliza kama binti angemkuta mama yake. Mtazamaji mmoja alisema kwamba binti anasafiri kwa jasho la mama yake, jambo ambalo halimo katika mazungumzo yoyote ya filamu.

Kugeuza huko kulinidai kitu kimoja: treni sasa ilielekea kushoto, wakati shoti zilizofuata ziliionyesha ikielekea kulia, kana kwamba binti amekata shauri kurudi. Ilinibidi nizigeuze zote tatu, pamoja na ile aliyokaa dirishani.