Kongosho: asini, visiwa, na seli zake

"Wakuu, kwenye slaidi ya kongosho nachanganya asini na visiwa vya Langerhans. Na seli za alfa na beta za visiwa nazijuaje?"

Mkuu, anza na lenzi ya 10, usikimbilie ya 40. Kwa rangi ya kawaida, yaani hematoksilini na eosini, eneo kubwa litakuwa zambarau iliyokolea: hizo ni asini, vishada vya seli zinazotengeneza vimeng'enya. Kisiwa, yaani kundi la seli za homoni, ni doa lililopauka katikati yake, mara nyingi la mviringo.

Sasa panda kwenye 40. Seli ya asini ina umbo la piramidi na rangi mbili: chini, kwenye kiini, ni bluu, juu, kuelekea tundu dogo la katikati, ni nyekundu kwa sababu ya chembe za vimeng'enya. Kisiwa hakina tundu. Seli zake zimejipanga kama kamba zilizopindapinda, na kati yake hupita kapilari. Kinachodanganya wengi ni kijifereji, maana nacho kimepauka, ila chenyewe kina uwazi uliozungukwa na safu ya seli.

Alfa na beta kwa rangi hiyo hutazijua kwa uhakika. Niliwahi kuziita seli zote za katikati beta kwenye slaidi ya binadamu, nikakosa. Mpangilio wa beta katikati na alfa pembeni ni wa panya. Kwa binadamu zimechanganyika zaidi. Hapo unahitaji slaidi iliyotiwa kingamwili: seli inayoshika kingamwili ya insulini ni beta, ya glukagoni ni alfa, ya somatostatini ni delta.