Para fazer au para fazermos?

"Nauza viazi Mbeya, najifunza Kireno kwa ajili ya wateja wa Msumbiji. Mbona mara nasikia *para fazer*, mara *para fazermos*?"

Ndugu yangu, tazama nani anatenda. *Comprei batatas para cozinhar*: nimenunua viazi nipike. *Comprei batatas para cozinharmos*: nimenunua mimi, tupike sote. Mtendaji amebadilika, ndipo *-mos* inaingia. *Tu*, yaani wewe, huleta *-es*; *eles*, wao, na *vocês*, ninyi, huleta *-em*. *Eu*, mimi, na *ele*, yeye, haziongezi kitu, kwa hiyo hapo sikio halikusaidii. Baada ya *podemos*, "tunaweza", usiongeze: *podemos fazer*, "tunaweza kufanya".

Kinachosumbua hasa ni *se cozinharmos*, "tukipika": umbo lilelile, kazi nyingine. Vitenzi visivyofuata kanuni ndivyo hutenganisha kazi hizo mbili: *para fazermos*, "ili tufanye", lakini *se fizermos*, "tukifanya".