Jaribio la thayosalfeti na asidi

"Naomba msaada, nipo Kigoma fomu three, nikipunguza thayo si ujazo kwenye bika nao unapungua? Na vigeu ni vipi hapo?"

Mdogo wangu umeona penyewe kabisa. Kila ukipunguza thayo jazia maji, yaani 50 bila maji, 40 na maji 10, 30 na maji 20, mpaka 10 na maji 40, halafu asidi ya haidrokloriki sentimita za ujazo 5 zilezile kila raundi. Usipojazia, kina kinapungua na ile salfa inayotia ukungu inakuwa tabaka jembamba, ile X ya kwenye karatasi chini ya bika utaiona muda mrefu hata kama mmenyuko haujapungua kasi, na asidi nayo inakuwa kali zaidi.

Kwa hiyo kigeu huru ni ukolezi wa thayo, kigeu tegemezi ni sekunde mpaka X ipotee ukichungulia kwa juu. Vya kushikilia ni ujazo wote, asidi, bika moja, karatasi moja yenye X, macho ya mtu yuleyule, na jotoridi, hilo watu wengi wanalisahau. Mchana wa Kigoma unavyopanda joto usianze asubuhi ukamalizia saa nane, raundi za mwisho zitaharakishwa na joto tu.

Kasi ni 1/t. Tuseme 50 imetoa sekunde 40 na 20 ikatoa 100, kasi ni 0.025 na 0.010, mara mbili na nusu, sawasawa na ukolezi.

Fungua madirisha, ile gesi ya SO₂ inabana kifua, ukimaliza mwaga haraka.