Laini inadai PUK

“Jamani, niko Mbuyuni, Moshi. Mtoto kabofya PIN ya laini mara tatu, sasa simu inadai PUK. Nifanyeje? Wateja wote wananipigia humo.”

Pole dada, usibahatishe hata mara moja. Una nafasi 10 tu za PUK, zikiisha laini hiyo imekufa moja kwa moja. Tafuta ile kadi ya plastiki uliyobandulia laini, mara nyingi PUK imeandikwa hapo, tarakimu 8. Ukiipata, piga hivi, ukiweka PIN mpya mara mbili:

```
**05*PUK*PIN*PIN#
```

Kadi ikikosekana, nenda duka la mtandao wako na kitambulisho cha NIDA, na kidole. Hata laini ikifa watakupa nyingine yenye namba ileile, ila majina uliyohifadhi kwenye laini hayarudi. Na akikupigia mtu eti “huduma kwa wateja” akiomba PIN ya pesa, mkatie.

— Hamishia simu nyingine, itafunguka. Mimi nilifanya.

Labda yako ilikuwa simu iliyofungwa, kaka. Hesabu ya makosa imo ndani ya laini yenyewe, inahama nayo.

— Mimi kadi ya benki imemezwa na ATM hapa Clock Tower, Arusha. Nayo ina PUK?

Hapana, hiyo ni tawini kwako na kitambulisho.

— Asanteni, kadi ya laini nimeiona ila namba moja imefutika. Halafu laini ina jina la shemeji, yuko Babati…

Hiyo namba usiikisie. Mpigie shemeji kwanza.