Ile "a" ya Kihispania iliyoninyima kazi, na mahali inapopaswa kuachwa

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Mombasa anayejifunza Kihispania ili aongoze watalii. Aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nimeandika Tengo a tres hermanas, yaani nina dada watatu, mwalimu akaifuta ile a kwa wino mwekundu bila kueleza. Si tulifundishwa kwamba mtendwa akiwa mtu lazima tuweke a? Dada zangu si watu?" Nilisoma swali lake mara mbili, nikaona kwamba siwezi kumjibu kwa mistari mitatu, kwa sababu kosa lake ni kosa langu mwenyewe, na mimi lilinigharimu zaidi ya alama za darasani.

Miaka saba iliyopita niliitwa kwenye usaili na kampuni moja ya utalii ya Arusha. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuandika barua na matangazo ya Kihispania. Nilikuwa nimejifunza kwa miaka miwili, na niliingia chumbani nikiwa na uhakika kwamba nafasi ile ni yangu. Tulipewa sentensi tatu za Kiswahili tuzitafsiri: "Tunatafuta mpishi anayejua Kihispania", "Hatukuona mtu kambini", na "Nina watoto wawili". Nilimaliza wa kwanza. Niliandika Buscamos a un cocinero que sabe español, kisha No vimos nadie en el campamento, na mwisho Tengo a dos hijos. Mama wa Kihispania aliyekuwa akisahihisha alisoma sentensi ya kwanza kwa sauti, akaniuliza mbele ya wenzangu wanne huyo mpishi alitoroka lini na kama tumekwishatoa taarifa polisi. Walicheka wote. Sikuelewa walichocheka, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kicheko chenyewe. Kazi alipewa mwingine.

Kanuni niliyokuwa nimeikariri ilikuwa fupi: penye mtu weka a, penye kitu usiweke. Kwa mifano ya siku za mwanzo kanuni hiyo inafanya kazi vizuri. Husema Veo la casa, yaani naiona nyumba, lakini husema Veo a María, namwona María. Husema Esperamos el autobús, tunasubiri basi, lakini Esperamos a Juan, tunamsubiri Juan. Kikifuata kibainishi el, viwili hivyo huungana kuwa al, kama katika Llamé al médico, nilimwita daktari. A hiyo haina maana ya "kwa" wala "kwenda", ingawa umbo lake ni lile lile la kihusishi cha kuelekea mahali. Kazi yake ni kumwonyesha msikilizaji kwamba anayefuata ndiye aliyetendwa. Kihispania kinahitaji alama hiyo kwa sababu kinamruhusu msemaji kumweka mtenda nyuma ya kitenzi. Vio Pedro a Juan ina maana kwamba Pedro alimwona Juan, na Vio a Pedro Juan ina maana kwamba Juan ndiye aliyemwona Pedro. Iondoe a, na hakuna atakayejua nani alimwona nani.

Miezi iliyofuata usaili ule sitaisimulia, kwa kuwa ilikuwa ya daftari na kamusi tu. Nitasimulia jioni moja. Nilikuwa nyumbani kwa mama mkubwa, na binti yake alikuwa akizungumza kwenye simu: "Natafuta fundi wa kurekebisha jiko." Baada ya dakika chache akapiga simu nyingine: "Namtafuta fundi, ameondoka na ufunguo wangu." Niliacha kula. Fundi wa kwanza hakuwa mtu yeyote bado. Alikuwa nafasi inayosubiri kujazwa. Fundi wa pili alikuwa na jina, sura na ufunguo wa watu mfukoni. Tofauti hiyo yote ilibebwa na silabi moja, ile -m- iliyokaa ndani ya kitenzi. Hapo ndipo nilipoelewa swali la yule mama kuhusu polisi. Buscamos a un cocinero que sabe español ni "tunamtafuta mpishi mmoja ambaye anajua Kihispania", mtu tunayemfahamu ambaye haonekani. Nilichotakiwa kuandika ni Buscamos un cocinero que sepa español, bila a, na kitenzi kikiwa sepa badala ya sabe, yaani katika umbo liitwalo subjuntivo, linalotumika kwa jambo ambalo bado halijathibitika kuwapo. Mambo hayo mawili huenda pamoja mara nyingi: mpishi asiyejulikana hukosa a na hupata sepa, mpishi anayejulikana hupata a na sabe.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama mtendwa ni mtu. Jiulize kama unayemtaja ni mtu fulani. Kwa msemaji wa Kiswahili kuna njia ya kupima ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa wanafunzi wa Ulaya haviwezi kuitoa: sema sentensi yako kwanza kwa Kiswahili, usikilize kama ulimi wako unaweka -m- au -wa- kwenye kitenzi. Ukisema "wanaajiri waongozaji", andika Contratan guías. Ukisema "wamewaajiri waongozaji wetu wawili", andika Contrataron a nuestros dos guías. Ukisema "nataka mtoto", kama asemavyo mtu ambaye hajazaa, ni Quiero un hijo. Ukisema "nampenda mwanangu", ni Quiero a mi hijo. Ninawasihi wanaojifunza wasikimbilie kukariri orodha kabla ya kufanya jaribio hili. Lugha ya mama imekwisha kukufanyia nusu ya kazi, na ni hasara kuiacha mlangoni kila unapoingia darasani.

Hata hivyo kipimo hicho kina mipaka, na niliijua kwa kuumia. Mpaka wa kwanza ni sentensi yangu ya pili. Kwa Kiswahili tunasema "hatukuona mtu", na masikio yetu hayadai -m- kwa sababu hakuna mtu aliyekuwapo. Kihispania hakikubali hoja hiyo. Maneno nadie, yaani hakuna mtu, na alguien, yaani mtu fulani asiyetajwa, hudai a kila yanapokuwa mtendwa, iwe mtu huyo anajulikana au hajulikani, yupo au hayupo. Ni No vimos a nadie, na ni ¿Has visto a alguien? Neno la kuulizia, quién, hufuata mkondo huo huo: ¿A quién buscas? Hapa hakuna ujanja wa kutumia. Ni maneno matatu ya kushika kwa moyo, na mtu akiyakosea husikika mara moja kuwa mgeni wa lugha.

Mpaka wa pili ni wanyama, na kwa sisi tunaofanya kazi mbugani ndio unaotutia aibu kila siku. Kiswahili kinamhesabu simba, nyati na hata mbu katika ngeli moja na mtu, kwa hiyo "nimemwona simba" hututoka bila kufikiri. Nilitumia msimu mzima nikiwaambia wageni Veo al león kila mara simba wa kwanza alipojitokeza kwenye nyasi, na walikuwa wakinitazama kama watu wanaosubiri niwakumbushe ni simba yupi. Mnyama wa porini anayeonekana kwa mara ya kwanza hutajwa bila a: Veo un león, Hemos visto dos jirafas. Mdudu ndiye kabisa: Maté un mosquito. Anayepewa a kama mtu ni mnyama wa nyumbani mwenye nafasi moyoni, kama katika Quiero mucho a mi perro, na mgeni anayekuonyesha picha ya paka wake hatakubali umtaje bila a hiyo.

Sasa nirudi kwa kijana wangu wa Mombasa na dada zake watatu, kwa sababu hapa kipimo cha -m- hakisemi lolote. Kiswahili hakitumii kitenzi cha kumiliki kutaja ndugu. Tunasema "nina", yaani niko pamoja na, na umbo hilo halibebi -m- wala -wa-. Kihispania kina tener, na mtendwa wake akiwa mtu, kwa kawaida a huachwa: Tengo tres hermanas, Tenemos un guía nuevo, Tengo dos hijos. Sababu yake ni ile ile ya fundi wa jiko. Unaposema una dada watatu humwelekezi msikilizaji kwa watu anaowajua; unamwarifu kwa mara ya kwanza kwamba wapo. Ndiyo maana hay, yaani "kuna", nayo haipokei a kamwe: Hay un médico en el campamento. Maneno haya mawili huingiza watu kwenye mazungumzo, na a huwekwa kwa mtu aliyekwisha kuingia.

Lakini mwalimu aliyefuta a kwa wino mwekundu bila kueleza alimwachia mwanafunzi wake hatari nyingine, na hilo linanikera, maana nami niliachiwa vivyo hivyo. Baada ya usaili ule niliapa kwamba sitaweka a baada ya tener tena maishani, na kwa mwaka mzima nilikosea upande wa pili. Mtu akiwa amekwisha kujulikana, na sentensi ikawa inaeleza hali yake au mahali alipo, a hurudi. Mama yangu alipolazwa nilimwandikia mteja kuomba radhi kwa kuchelewa, nikaandika Tengo mi madre enferma. Nilipaswa kuandika Tengo a mi madre enferma, kwa sababu sikuwa nikimwarifu kwamba nina mama, nilikuwa nikimweleza kwamba mama huyo anaumwa. Ni hivyo hivyo kwa mtu asemaye Tengo a los clientes esperando, wateja wananisubiri: wateja hao wanajulikana, na habari iliyo mpya ni kwamba wanasubiri.

Leo ninaandika matangazo ya Kihispania kwa kampuni mbili, na sioni haya kusema kwamba wageni hawanisahihishi tena. Kila tangazo la kazi ninaloandika huwa nalisoma tena kumtazama yule mpishi, kama amekaa bila a.

Kwa kijana wa Mombasa nimetuma sentensi moja, kwa kuwa aliniambia kwamba dada yake mdogo anasoma Nairobi: Tengo tres hermanas, y a la menor la tengo en Nairobi. Kitenzi ni kile kile mara mbili. Mara ya kwanza dada zake wanaingia kwenye mazungumzo, hivyo a haipo. Mara ya pili mdogo wao amekwisha kutajwa, amewekwa mbele ya kitenzi pamoja na a yake, na la inamrudia ndani ya sentensi, kama vile nasi tunavyosema "yule mdogo nimemwacha Nairobi".