Simba wa Barye: pima kwanza ndipo usome mhuri

Kazi yangu hapa Brussels ni kuhamisha vitu kwenye nyumba za marehemu. Familia ikishagawana inachotaka, sisi ndio tunaomaliza kabati, dari na ghala la chini. Kinachouzika tunakinunua, kingine tunakipeleka soko la Jeu de Balle, ambako wauza vitu vikuukuu hutandika bidhaa zao chini kila asubuhi. Sanamu za bronzi, yaani shaba nyeusi, tunazikuta mara nyingi, hasa za wanyama. Na hapo ndipo nilipopoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine popote katika kazi hii.

Ilikuwa sanamu ya simba anayetembea, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kwenye kitako kulikuwa na jina BARYE, na upande wa pili F. BARBEDIENNE FONDEUR. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua majina hayo. Antoine-Louis Barye, aliyezaliwa Paris mwaka 1795 na kufariki 1875, ndiye bingwa wa sanamu za wanyama katika Ufaransa ya karne ya 19, na Barbedienne ni kiwanda mashuhuri cha mji huohuo cha kusubu bronzi, yaani kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu. Nililipa yuro 1,400, nikamshukuru muuzaji, nikaenda zangu nimefurahi.

Baada ya wiki mbili nilimpelekea fundi mmoja mzee anayerekebisha bronzi, anipe bei ya kusafisha. Hakuusoma mhuri. Alichukua kipimo cha vernia, akapima kutoka ukucha wa mguu wa mbele wa kulia hadi kisigino cha nyuma cha kushoto: milimita 255. Kisha akanitolea simba mwingine aliyekuwa akimrekebisha, wa Barbedienne asiye na shaka, akampima palepale: milimita 262. Akaniambia huyu wangu ni mtoto wa huyo.

Tofauti ya milimita 7 katika 262 ni kama asilimia 2.7, na sababu yake ni ya kimaumbile. Bronzi iliyoyeyushwa ikipoa hupungua ukubwa, kwa kawaida kati ya asilimia 1.5 na 2. Mtu akichukua sanamu iliyokwisha kusubiwa, akaipaka mpira au plasta kupata kalibu, akamimina nta, kisha bronzi, kile kipya hakiwezi kulingana na kile alichokinakili. Nta nayo hupungua kidogo, ndiyo maana hesabu inaweza kuzidi mbili. Nakala ya nakala hupungua tena. Mnakili anaweza kughushi herufi, rangi na hata vumbi, lakini milimita zilizopotea hana pa kuzitoa, labda atanue kielelezo chake kabla ya kukinakili, na hiyo ni kazi ambayo wauzaji wa sokoni hawaigusi.

Ila kipimo hiki kina masharti, na watu hukosea hapa. Usipime kitako, kwa sababu kitako hukatwa, hupigwa tupa, hubadilishwa. Pima mwilini, baina ya nukta mbili zisizosogea: jicho na ncha ya mkia, ukucha na ukucha. Pili, linganisha na sanamu ya kiwanda hichohicho. Barbedienne alitumia kielelezo cha bronzi ili kutengeneza kalibu za mchanga, kwa hiyo hata sanamu zake halali zinaweza kuwa ndogo kidogo kuliko ile iliyotoka mikononi mwa Barye mwenyewe. Tatu, viwanda hivyo viliuza sanamu moja kwa saizi kadhaa. Achille Collas, aliyeshirikiana na Barbedienne tangu 1838, alikuwa na mashine ya kupunguza sanamu kwa uwiano. Kwa hiyo simba aliye mdogo kwa theluthi nzima huenda ni saizi nyingine halali kabisa. Anayetia shaka ni yule aliyepungua asilimia mbili au tatu, aliyekusudiwa kuwa saizi ileile.

Sasa turudi kwenye mhuri, maana ndio ulionipofusha. Herufi zilizo kwenye sanamu ni sehemu ya umbo, na kalibu huzinakili kama inavyonakili manyoya. Mhuri wa kiwanda kwa hiyo unaweza kuhamia kwenye nakala bila mtu yeyote kughushi kwa mkono. Kinachobadilika ni ukali. Fundi alinipa kioo cha kukuzia nikatazama zote mbili. Kwenye simba wake, kingo za herufi zilikuwa kali na sakafu ya kila herufi imenyooka, kwa sababu mafundi wa zamani walipitia kwa tindo baada ya kusubu. Kwenye wangu, kingo zilikuwa za mviringo kama sabuni iliyotumika, na ndani ya B mlikuwa na vichunusi vidogo vya bronzi, alama za viputo vya hewa vilivyonasa kwenye kalibu.

Sanamu nyingi za Barye zilizotoka Barbedienne zina pia kidude kidogo chenye herufi FB, cha rangi ya dhahabu, kilichopachikwa kwenye bronzi. Ni kipande tofauti. Nakala hukitoa kama uvimbe wa rangi ileile ya kahawia, kwa kuwa kila kitu humiminwa pamoja. Ukiona FB iliyo sehemu ya bronzi yenyewe, isiyo na mstari wa kiungo kuizunguka, umeshapata jibu.

Ili ujue kila alama ina thamani gani, lazima ujue nani alishika vielelezo na lini. Barye alisubu kazi zake mwenyewe, akafilisika, na mwaka 1848 vielelezo vyake vikaingia mikononi mwa mdai wake, Émile Martin, hadi 1857. Sanamu bora ninazoziona ni zile za karakana yake mwenyewe: umaliziaji wa tindo ni wa juu sana, na baadhi zina jina lake pamoja na namba vilivyogongwa kwa mhuri wa chuma baada ya bronzi kupoa. Baada ya kifo chake vielelezo viliuzwa Paris mwaka 1876, na Barbedienne akanunua zaidi ya mia moja. Kwa hiyo maneno F. BARBEDIENNE kwenye kazi ya Barye kwa kawaida yanakuambia kwamba msanii alikuwa ameshakufa sanamu ilipotoka. Hiyo haiifanyi kuwa bandia. Ilitolewa na mwenye haki, kwa kielelezo halali, na kazi yake ni safi. Lakini si ya uhai wa msanii, na mnunuzi anayejua hulipa kwa kufuata tofauti hiyo.

Jambo hilihili hukutwa kwa Rodin, mchongaji mwingine wa Ufaransa, ila lina mtego wake. Mhuri wa msubu bronzi Alexis Rudier huonekana kwenye sanamu zake nyingi, na watu huamini Alexis ndiye aliyezisubu. Alexis alifariki 1897. Mwanawe Eugène aliendelea kutumia jina la baba hadi 1952, na Rodin alifariki 1917. Mhuri mmoja, basi, unafunika sanamu zilizotoka Rodin akiwa hai na zilizotoka miaka thelathini na mitano baada yake. Unaposikia bei ya juu ya Rudier, uliza kwanza ni ya lini.

Namba ndizo zinazoeleweka vibaya kuliko vyote. Nimeletewa chui mwenye namba 47 chini ya kitako, mwenyewe akisisitiza kwamba ni ya 47 kati ya toleo dogo. Barbedienne hakuweka kikomo kwa Barye. Aliuza kadiri wateja walivyotaka. Namba za chini ya sanamu zake, za wino au za kugongwa, ni za kiwanda: za kielelezo, za ghala, au za kuoanisha vipande vya sanamu moja kabla ya kufungwa. Hazipandishi bei kwa sababu ya uchache.

Namba yenye mkwaju ni desturi ya baadaye. Kwa utaratibu wa Ufaransa wa leo, sanamu kumi na mbili tu ndizo zinazohesabika kuwa asili: nane zenye namba 1/8 hadi 8/8, na nne za msanii, EA I/IV hadi IV/IV. Tangu 1981, nakala zaidi ya hizo zinatakiwa kubeba neno Reproduction. Kwa msanii wa sasa, toleo la sanamu nane huzaa bei tofauti sana na la sanamu mia tano. Kwa Barye, ukiona 12/500, hakuna cha kuuliza tena: ni pambo la kisasa. Vivyo hivyo ukikuta kibandiko cha mviringo kinachosema BRONZE GARANTI PARIS na J.B. DEPOSEE. Hicho kimewekwa kwenye maelfu ya nakala mpya, nyingi zikiwa juu ya kitako cha marumaru nyeusi.

Simba wangu alikuwa na ushahidi mwingine niliopita juu yake siku ya kununua. Chini alifunikwa kitambaa cha kijani. Fundi alipokibandua, tulikuta bolti yenye kichwa cha pembe sita inayong'aa, na ndani bronzi imepakwa rangi nyeusi sare. Ndani ya sanamu za kalibu ya mchanga za karne ya 19 huwa pa kahawia hafifu, pakavu, pana mikwaruzo ya tupa na nati zilizotengenezwa kwa mkono. Tangu siku ile sinunui sanamu ambayo siruhusiwi kubandua kitambaa.

Muuzaji alikataa kunirudishia. Risiti yake iliandika "simba wa bronzi" tu. Nilimuuza simba yule kwa yuro 250, nikaeleza kwa maandishi kwamba ni nakala ya kisasa.

Mwaka uliofuata tulikuta simbamarara anayetembea kwenye ghala la chini la nyumba moja, amefungwa kwenye gazeti. FB ilikuwa ya dhahabu yenye kiungo chake, herufi kali, chini pakavu pa kahawia. Nilimpima dhidi ya mwenzake wa Barbedienne aliyekuwa kwa yule fundi, tofauti haikufika hata milimita moja. Nilimwambia mjukuu wa marehemu ni kitu gani, tukakubaliana kugawana, na kumpeleka mnadani bila kumng'arisha, kwani rangi ile ya juu ikiondolewa na dawa ya shaba hairudi na bei hushuka nayo. Alifika yuro 3,800.

Siku hizi kabla ya kulipa namwomba muuzaji aandike kwenye risiti mambo matatu: jina la msanii, kiwanda, na kipindi cha kusubiwa. Nasoma pia kama ameandika "Barye" au "kwa kufuata Barye", kwa sababu maneno hayo ya pili yanamwachia mlango wazi. Wengi huandika mawili ya kwanza bila wasiwasi. Wakifika kwenye kipindi, kalamu husimama, na mimi huacha sanamu mezani.